Dokezo la kujaribu saa nyumbufu: zamu za kuchagua, saa za msingi au wiki ya siku nne?

Madokezo mengi ya kuomba saa nyumbufu hukwama kwenye meza ya mkurugenzi kwa sababu hayasemi unyumbufu unaoombwa ni upi. Mkurugenzi akisoma anaona ofisi tupu saa 2 asubuhi na mteja amesimama mlangoni. Aliyeandika alikuwa akimfikiria mama wa Mbagala anayempeleka mtoto shule kwanza ndipo apande daladala. Kila mmoja ana mpango wake kichwani, na dokezo halikuwasaidia kukutana. Kwa hiyo hapa nitaiweka mipango mitatu bega kwa bega, kisha njia mbili za kuendesha majaribio, na mwisho vipimo, maana huko ndiko watu wa utumishi tunakopotea zaidi.

Tuchukue mfano wa ofisi ya madalali wa bima katikati ya Dar es Salaam, yenye watu 24. Tisa wanashughulikia bima za magari, tisa bima za mali na mizigo, na sita waliobaki ni mapokezi, hesabu, dereva na mhudumu. Kila mtu huingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, na saa moja ya chakula katikati, yaani saa 8 za kazi kwa siku na 40 kwa wiki. Tatizo lao ni lile la jiji zima: anayetoka Kibamba, Chanika au Mbagala hujikuta barabarani na wenzake wote kwa wakati mmoja, akafika amechelewa au amechoka, na jioni hali ni ileile.

Mipango mitatu

| | Zamu za kuchagua | Saa za msingi | Wiki ya siku nne |
|---|---|---|---|
| Mfanyakazi anaamua nini | Zamu moja kati ya tatu, kwa kipindi chote | Saa ya kuingia na kutoka, kila siku | Siku gani ya wiki asije |
| Nani anakuwepo saa fulani | Inajulikana kwenye ratiba | Inajulikana saa za msingi tu | Inajulikana, ila kila siku mtu mmoja au wawili wa kila timu hawapo |
| Urefu wa siku, pamoja na chakula | Saa 9 | Hadi saa 10 | Saa 11 |
| Makubaliano ya maandishi ya siku ndefu | Hayahitajiki | Hayahitajiki mradi kazi haizidi saa 9 kwa siku | Lazima yawepo |

Zamu za kuchagua ndizo nyepesi kuliko zote. Ofisi inatangaza zamu tatu: saa 1:00 asubuhi hadi 10:00 jioni, saa 2:00 hadi 11:00, na saa 3:30 hadi 12:30 jioni. Kila mtu anachagua moja na kukaa nayo hadi majaribio yaishe. Msimamizi anajua nani yupo lini, mteja anahudumiwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, na mtu wa mishahara habadilishi chochote kwa sababu saa zinabaki 8. Udhaifu wake ni kwamba unyumbufu unatumika mara moja tu, siku ya kuchagua. Mtoto akiamka na homa Jumanne, zamu haimsaidii mzazi. Atarudi kwenye kuomba ruhusa kama kawaida.

Saa za msingi zinampa mfanyakazi uhuru mkubwa zaidi. Wote lazima wawepo kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Saa zilizobaki kila mtu anazipanga mwenyewe kati ya saa 1:00 asubuhi na saa 12:30 jioni, mradi wiki iishe na saa 40. Mpango huu una historia inayofanana na yetu. Kampuni ya ndege ya Bölkow, ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa Messerschmitt-Bölkow-Blohm, ilipouanzisha mwaka 1967 huko Ottobrunn, karibu na Munich, msukumo mmoja mkubwa ulikuwa msongamano wa magari ya wafanyakazi waliofika na kuondoka kwa pamoja. Wahandisi wa Ottobrunn, hata hivyo, hawakuwa na mapokezi yenye foleni ya watu wanaotaka stika ya bima ya gari kabla ya kwenda kazini. Kazi inayosubiri mteja aingie haifanani na kazi inayomsubiri mtu mezani kwake, na hapo ndipo saa za msingi zinapofaa au zinaposhindwa.

Mpango huu pia una mitego miwili ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Mtu akifanya saa 10 Jumatatu ili Ijumaa atoke mapema, wiki yake bado ni ya saa 40, lakini saa ya kumi ya Jumatatu ni muda wa ziada unaolipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Usipoandika kwenye dokezo kwamba hakuna kuzidi saa 9 za kazi kwa siku, utajikuta unajadili malipo hayo mwisho wa mwezi. Mtego wa pili ni chakula cha mchana. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Watu wakipewa uhuru, jambo la kwanza wanalotaka ni kuruka chakula ili waondoke saa moja mapema. Mapumziko hayo si saa za kuweka akiba, na ni bora dokezo liseme hivyo waziwazi kuliko msimamizi aje kuonekana mbaya kwa kukataa.

Wiki ya siku nne ndiyo inayoshangiliwa zaidi kikaoni. Hapa siyo kupunguza saa; ni zile 40 kubanwa kwenye siku nne, saa 10 za kazi na moja ya chakula. Sheria inairuhusu: kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwa ndani yake, bila malipo ya ziada, mradi asizidi siku 5 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Hesabu inakubali. Lakini hebu ifuate siku yenyewe. Kazi inaanza saa 1:00 asubuhi na kuisha saa 12:00 jioni. Anayekaa Chanika anaondoka nyumbani giza na anarudi giza, siku nne kila wiki, na jioni anaingia kwenye foleni ileile tuliyosema tunamkwepesha. Anachopata ni safari moja pungufu kwa wiki. Akiugua siku moja, ofisi inapoteza saa 10 badala ya 8. Na kwenye timu ya watu tisa, kila siku kuna mmoja au wawili ambao hawapo, kwa hiyo kila faili la dai linahitaji mtu wa pili anayelijua.

Kwa ofisi hii mimi ningependekeza zamu za kuchagua. Ndizo zinazogusa tatizo lenyewe, yaani saa ya kusafiri, na ndizo zinazoweza kupimwa kwa sababu unajua hasa nani alikuwa wapi saa ngapi. Saa za msingi ningeziweka akiba kwa watu wa hesabu, ambao kazi yao haitegemei mteja kuingia mlangoni, baada ya ofisi kujifunza kutunza kumbukumbu za saa vizuri. Wiki ya siku nne nisingeianza nayo kabisa.

Kabla na baada, au timu mbili?

Njia ya kwanza ya kuendesha majaribio ni ile inayomjia kila mtu: unapima miezi miwili ya kawaida, unaanzisha zamu, unapima miezi miwili mingine, unalinganisha. Ni rahisi, na kwa Dar es Salaam inaweza kukudanganya vibaya. Ukipima "kabla" wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, barabara zikiwa zimejaa maji, halafu "baada" ikaangukia likizo ya shule ya Juni, kila kipimo kitaonekana bora hata usipobadilisha kitu. Watu watafika mapema kwa sababu magari ya wanafunzi hayapo barabarani. Ramadhani nayo hubadilisha mwendo wa ofisi nzima, na mwisho wa mwaka madalali wa bima huwa na rundo la mikataba ya kuhuisha ambalo miezi mingine halipo.

Njia ya pili ni timu mbili kwa wakati mmoja. Tuseme timu ya magari inaanza zamu, timu ya mali na mizigo inabaki na saa za zamani, na zote mbili zinanyeshewa na mvua ileile. Baada ya kipindi cha kwanza zinabadilishana. Si lazima ziwe zinafanana, kwa sababu hulinganishi timu moja na nyingine moja kwa moja. Unalinganisha kiasi ambacho kila timu imebadilika.

Mfano wa namba za kubuni utaonyesha tofauti. Tuseme kipimo ni siku za kazi tangu nyaraka za dai zikamilike hadi dai lipelekwe kwa kampuni ya bima. Kabla ya majaribio, faili la katikati la timu ya magari lilichukua siku 4, na la timu ya mali siku 6. Wakati wa majaribio, magari wameshuka hadi siku 3. Ukitumia njia ya kabla na baada utaandika kwamba zamu zimeokoa siku nzima kwa kila dai, na mkurugenzi atafurahi. Lakini ukitazama timu ya mali, ambayo haikubadilisha chochote, nayo imeshuka kutoka 6 hadi 5. Timu zote zimepungua siku moja. Pengine kampuni moja ya bima ilirahisisha fomu zake, pengine madai yalikuwa machache. Vyovyote vile, zamu hazikuleta ile siku moja. Bila timu ya pili usingelijua hilo.

Gharama ya njia hii ni malalamiko. Timu inayosubiri itauliza kwa nini wenzao wametangulia. Ndiyo maana kubadilishana ni muhimu, na tarehe ya kubadilishana iandikwe kwenye dokezo tangu mwanzo. Timu ya kwanza ichaguliwe kwa kupiga kura ya bahati mbele ya wote, asichague meneja. Ofisi yenye watu watano au sita haina timu mbili za kutosha. Hiyo itumie kabla na baada, lakini ichukue miezi ileile ya mwaka uliopita kama kumbukumbu zipo.

Muda ninaouona unatosha ni wiki 4 za kupima hali ya kawaida kwa timu zote mbili, kisha wiki 8 za zamu kwa timu ya kwanza, kisha wiki 8 kwa ya pili. Wiki 2 za kwanza za kila kipindi cha zamu zisiingie kwenye hesabu. Kitu kipya huchangamsha watu, na wengine bado wanakosea zamu zao. Ukizihesabu unapima ugeni wa jambo badala ya jambo lenyewe.

Vipimo, na kile ambacho hakifai

Kipimo ambacho kila dokezo hukimbilia ni uchelewaji, na ndicho kibaya kuliko vyote kwa jambo hili. Aliyekuwa akifika saa 2:40 na kuandikwa amechelewa, sasa zamu yake inaanza saa 3:30. Uchelewaji utashuka sana wiki ya kwanza bila mtu yeyote kubadilisha tabia, kwa kuwa umeusogeza mstari wa kumhukumia. Mkurugenzi makini atalitambua hilo na hataamini tena sehemu nyingine ya ripoti. Mashine ya alama za vidole iendelee kufanya kazi, lakini iwe ya kuhakikisha kwamba zamu zinafuatwa, isiwe ushahidi kwamba majaribio yamefaulu.

Kabla ya kuchagua vipimo lazima dokezo liseme swali lake ni lipi. Je, tunadai kwamba zamu zitaongeza kazi? Au tunadai kwamba zamu zitawapunguzia watu mateso ya barabara bila kudhuru kazi? Ya kwanza ni ngumu kuthibitisha kwa watu kumi na wanane. Ya pili ndiyo ya kweli, na mimi nashauri iandikwe hivyo bila aibu. Ukishaiandika, vipimo vinagawanyika vyenyewe: vya kazi vinakuwa ulinzi, vinavyopaswa kutoharibika, na vya watu ndivyo vinavyopaswa kuwa bora zaidi.

Kwa kazi ningechukua viwili. Kimoja ni siku za dai nilizozieleza, ukipanga mafaili yote kuanzia lililoenda haraka hadi lililochelewa na kuchukua la katikati, kwa sababu dai moja la ajali kubwa linalokaa miezi miwili litaharibu wastani wa kawaida. Kingine ni simu za wateja zisizopokelewa, zikihesabiwa kwa saa kutoka kwenye mtambo wa simu wa ofisi. Jumla ya siku nzima haisaidii. Zamu zikileta shida, itaonekana kati ya saa 2:00 na 3:30 asubuhi, wakati watu wa zamu ya tatu hawajafika, na baada ya saa 10:00 jioni, wakati wa zamu ya kwanza wameondoka. Siku nzima inaweza kuonekana salama huku saa hizo mbili zinavuja.

Kwa watu, ningeuliza maswali mawili tu, kwa karatasi isiyo na jina, kabla ya majaribio na mwisho wa kila kipindi: jana ulitumia muda gani njiani kwenda na kurudi, na wiki iliyopita ni mara ngapi ulimhitaji mwenzako ukakuta hayupo. Swali la "umeridhika?" liache. Watu wanaotaka mpango uendelee watajibu ndiyo, na huwezi kuwalaumu. Swali la pili ni la muhimu kuliko linavyoonekana, maana ndilo linaloonyesha gharama ambayo simu na mafaili hayaionyeshi: kusubiriana.

Siku za kuugua ziandikwe lakini zisiamue chochote. Kwenye timu ya watu tisa, malaria ya mtu mmoja inatosha kuipindua namba hiyo.

Kisha kuna wale sita wasio kwenye timu hizo mbili. Mhudumu anayefungua ofisi atalazimika kuja saa 12:30 asubuhi ili wa zamu ya saa 1:00 wakute mlango wazi, na mtu wa mapokezi ataombwa "abaki kidogo" hadi saa 12:30 jioni. Nimeona mipango ya aina hii ikiwapa wenye madawati nafasi ya kulala zaidi kwa kumwamsha mapema yule mwenye mshahara mdogo. Saa za watu hawa zipimwe peke yake kila wiki, na muda wao wa ziada ulipwe kama sheria inavyotaka. Kama hakuna fedha ya kulipa, futa zamu ya mwisho au ya kwanza. Ofisi iwe wazi saa chache zaidi.

Maneno ya kuweka kwenye dokezo

Sehemu ya uamuzi ndiyo isomwayo kwanza, kwa hiyo iwe fupi na iandikwe kabla ya namba yoyote kupatikana. Kwa ofisi yetu ingesomeka hivi:

"Naomba idhini ya kujaribu zamu tatu za kuchagua kwa timu ya magari na timu ya mali na mizigo, kwa wiki 8 kila moja, baada ya wiki 4 za kupima hali ya sasa. Saa za kazi zinabaki 8 kwa siku. Kila saa ya zamu zote, timu iliyo kwenye zamu itakuwa na watu wasiopungua wawili ofisini. Nitapendekeza mpango uendelee iwapo, kwa timu zote mbili, muda wa faili la katikati hautaongezeka zaidi ya nusu siku ukilinganisha na mabadiliko ya timu nyingine. Simu zisizopokelewa hazitazidi 1 kati ya 20 katika saa yoyote. Malipo ya muda wa ziada hayatapita kiwango cha wiki 4 za mwanzo. Na angalau nusu ya wafanyakazi watapunguza dakika 30 au zaidi za safari kwa siku. Sharti moja lisipotimia, nitaeleza sababu na sitapendekeza kuendelea bila marekebisho. Simu zisizopokelewa zikizidi 1 kati ya 10 kwa wiki mbili mfululizo, majaribio yatasimamishwa mara moja."

Mipaka hiyo ni ya mfano. Yako itoke kwenye zile wiki 4 za mwanzo. Kama tayari simu 1 kati ya 12 hazipokelewi leo, kuweka mpaka wa 1 kati ya 20 ni kuupangia mpango ufeli. Kama huna kumbukumbu za simu kabisa, weka daftari mezani kwa mapokezi kwa wiki hizo 4 kabla ya kuahidi namba yoyote.

Namna ya kuandika saa pia ina madhara. Mashine ya mahudhurio huandika 07:00 pale watu wanaposema saa 1 asubuhi, na ratiba iliyochanganya mifumo hiyo miwili itamleta mtu kazini kwa saa asiyotarajiwa. Chagua mmoja, na uweke neno asubuhi, alasiri au jioni mbele ya kila saa.

Na dokezo liwe na tarehe ya kurudi. Andika kwamba siku fulani, baada ya wiki 20, kila mtu anarudi saa 2:00 asubuhi hadi 11:00 jioni isipokuwa mkurugenzi awe amesaini vinginevyo. Mkurugenzi anayejua kwamba jambo litakwisha lenyewe anakubali kwa wepesi zaidi. Wafanyakazi nao wanajua tangu siku ya kwanza kwamba huu si mkataba mpya, kwa hiyo asije mtu akahamia mbali zaidi au akamwandikisha mtoto shule nyingine kwa kuitegemea zamu ambayo bado haijaamuliwa. Ripoti imfikie mkurugenzi wiki 2 kabla ya tarehe hiyo, ikiwa na hesabu ya wiki zilizokwisha kupimwa, na namba za wiki 2 za mwisho ziongezwe kwa ukurasa mmoja kabla hajasaini.